Sura Saba Katika Kibonzo Kimoja

Picha ilipigwa ukingoni mwa Ziwa Singidani, mbele ya majabali yaliyopandana kama magunia ghalani, na ndani yake walisimama watu saba wa ukoo mmoja: babu na bibi, mabinti wao watatu, mkwe, na mjukuu aliyebebwa, nami niliombwa niigeuze kuwa kibonzo kimoja ambacho kila mtu atajiona ndani yake bila kuulizia.

Mabinti ndio walionifundisha fani hii. Wote watatu walirithi pua pana ya baba yao, nami kwa pupa nikaikuza pua hiyo katika kila uso, nikapata mwanamke mmoja aliyechorwa mara tatu. Hapo ndipo iliponidhihirikia kwamba alama wanayoshirikiana jamaa haimtambulishi hata mmoja wao, na kwamba katika picha ya wengi sura hupimwa kwa mizani ya jirani yake. Nikairudisha pua katika kadiri yake, nikatafuta walipoachana: mkubwa ana macho yaliyo mbalimbali chini ya paji refu, wa pili ana kidevu kifupi na mashavu yanayopanda achekapo, mdogo ana shingo ndefu na kichwa huinamia kushoto. Hayo ndiyo niliyoyakuza. Mchora vibonzo Christian Gregory alikuwa na hiari ya kumuumba mhusika wake Chakubanga wa gazeti la *Uhuru* apendavyo. Mwenye kuchora watu walio hai hana hiari hiyo.

Mkwe alinihadaa kwa njia nyingine. Alisimama pembeni mwa safu, na simu ilishikwa karibu mno, nayo lenzi ya namna hiyo huwatanua walio ukingoni, hata nikadhani ni mtu mnene. Nilipoomba picha nyingine aliyosimama katikati, niliona uso mwembamba wenye mifupa ya mashavu iliyo dhahiri.

Yakabaki mandhari. Nilimkalisha babu juu ya jabali na kuivunja safu, lakini sikumwondoa mtu ubavuni pa aliyesimama naye, kwa kuwa mkono wa bibi begani mwa binti mdogo ni sehemu ya wasifu wao. Watu wazima wote nikawapa kipimo kimoja, mwili mzima vichwa vinne, na unene mmoja wa mstari, na vivuli vyao vyote nikaviangusha upande mmoja wa mwamba. Kikikosekana kimoja katika hayo, mtu huonekana kama amekatwa gazetini akabandikwa.

Kabla ya kutia rangi nilichora nakala, nikaujaza wino mweusi mwili mzima wa kila mmoja pasi na macho wala midomo, nikampelekea jirani yao. Akawataja watano papo hapo, akawachanganya binti wa pili na mdogo. Nikarudi mezani, nikaiinamisha zaidi shingo ya mdogo na kumwinulia wa pili mabega kama afanyavyo akicheka, nikampelekea tena. Safari hii alianza na hao wawili.