"Tatizo" na "Uhalali" katika Andiko la Utafiti: Mfano wa Zebaki Bugarama

Neno "tatizo" limebebeshwa mizigo miwili katika Kiswahili cha watafiti. Wa kwanza ni ule wa kila siku: shida, adha, jambo linalowaumiza watu. Wa pili ni wa kitaalamu: jambo lisilojulikana, ambalo utafiti unakusudia kulijua. Mwandishi wa andiko la kuomba fedha anapokutana na kichwa kisemacho "Tamko la Tatizo" huandika shida, ilhali kamati inayogawa fedha hulisoma andiko ikitafuta kisichojulikana. Maandiko mengi huangukia hapo, kabla hata ya kufika kwenye mbinu za utafiti au makisio ya gharama.

Tuchukue mfano mmoja. Tumeutunga kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote aliyewahi kupitia maandiko ya aina hii atautambua. Unahusu kata ya Bugarama, Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, katika ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita:

"Uchimbaji mdogo wa dhahabu ni tatizo kubwa Bugarama. Wachimbaji hutumia zebaki, ambayo ni sumu kwa binadamu na mazingira. Hakuna utafiti wowote uliokwisha kufanywa kuhusu jambo hili. Kwa hiyo utafiti huu utachunguza madhara ya zebaki na kuinua uelewa wa jamii."

Sarufi yake haina kasoro. Lakini sentensi ya kwanza inataja riziki ya watu na kuiita tatizo, bila kusema ni tatizo la nani. Ya pili ni kweli tupu, na kwa sababu hiyo haifai kuwa tamko la tatizo: Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Serikali iliyokwisha kuridhia mkataba haihitaji kulipia utafiti wa kuithibitishia kwamba zebaki ni sumu.

Sentensi ya tatu ndiyo inayoliua andiko, maana si kweli. Zebaki katika maeneo ya dhahabu ya kusini mwa Ziwa Viktoria imekuwa ikipimwa tangu miaka ya 1990, kwa samaki na kwa watu. Huko Rwamagasa, Geita, mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda ulipima mazingira na afya za wachimbaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ukaonyesha kuwa wanaochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu wamo katika hatari ya pekee. Mjumbe wa kamati anayezijua kazi hizo akisoma "hakuna utafiti wowote", huliweka andiko kando, wala hatuwezi kumlaumu. Lililo la kweli ni jembamba zaidi: kuna swali fulani ambalo tafiti hizo hazikulijibia Bugarama. Kazi ya mwandishi ni kulitaja swali hilo.

Hawezi kulitaja kabla hajajua majina ya vitu. Maandiko mengi huita "mchanga" kila kitu kilichosagwa. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia kusafirisha nje shehena za migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, magazeti yalianza na "mchanga wa dhahabu", na wananchi wengi wakawa na picha ya mchanga wa mtoni. Neno "makinikia" liliposhika, mjadala ulipata kitu chenye mipaka: zao la mtambo, lililokwisha kupunguziwa mawe yasiyo na thamani. Wachenjuaji wadogo nao wana msamiati wao, na ni mzuri. Mawe husagwa katika karasha, kisha husafishwa kwenye mwalo, na kile kizito kinachobaki huchanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Udongo uliokwisha kupita hapo huitwa "marudio". Haukutupwa: bado una dhahabu, nao huuzwa kwa wenye mitambo ya sianidi.

Basi swali limejificha ndani ya neno hilo "marudio". Zebaki haiishi yote mwaloni, bali nyingine huondoka na marudio. Sianidi huyeyusha dhahabu, lakini huyeyusha na zebaki pia. Sehemu ya zebaki hiyo hunaswa pamoja na dhahabu kwenye makaa maalumu yaitwayo kaboni, na makaa yanapotiwa moto huweza kutoka kama mvuke. Sehemu nyingine hubaki katika maji na tope. Mkataba wa Minamata unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha utaratibu huu wa kutia sianidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa. Sasa tunaweza kuandika upya:

"Marudio yenye zebaki kutoka mialo ya kata ya Bugarama huuzwa kwa wachenjuaji wanaotumia sianidi. Tafiti zilizofanywa Geita zimeonyesha athari za kuchoma zebaki. Hazikueleza ni kiasi gani cha zebaki huingia mitamboni Bugarama pamoja na marudio, wala kama huishia katika kaboni, maji au tope. Bila kujua hayo, haiwezekani kuamua zebaki iondolewe katika hatua gani."

Maneno "sumu", "hatari" na "madhara" hayamo, na bado tamko hili linatisha kuliko la kwanza. Tena linajipima lenyewe: zebaki itapimwa kwenye marudio kabla ya sianidi, kisha kwenye kaboni, maji na tope, na hesabu zikikosa kulingana mtafiti atajua kuna inayopotelea mahali asipopachunguza. Lina mipaka yake pia. Marudio ya mialo mbalimbali huchanganywa, kwa hiyo pasipo daftari la mnunuzi haitajulikana ni ya nani, na mwenye mtambo anaweza kukataa kulionyesha. Ni heri hilo lisemwe mapema kuliko kamati iligundue.

Kichwa cha pili, "Uhalali wa Utafiti", kina kosa lake. Uhalali huomba ruhusa, na mwandishi hujibu kwa kuorodhesha sera, dira na sheria. Lakini ruhusa hutolewa kwa kibali, nacho hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Wengine huandika "Umuhimu", na neno hilo huzaa sifa za sekta ya madini. Sisi tunapendekeza "Sababu ya Utafiti". Ni neno la kawaida mno, pengine ndiyo maana limedharauliwa, lakini humlazimisha mwandishi aseme "kwa sababu". Fedha zitolewe kwa sababu ofisa wa madini au wa mazingira atakayepokea jibu anaweza kuamua zebaki iondolewe mwaloni, kabla ya marudio kuuzwa, au mvuke udhibitiwe pale kaboni inapotiwa moto. Majibu mawili tofauti yazae hatua mbili tofauti. Kama hatua ni ile ile kwa jibu lolote, kamati ina haki ya kuuliza utafiti ni wa nini. "Kuinua uelewa" ni kazi ya kampeni, na ina mifuko yake.

Limebaki jina la mahali. Bugarama ziko pia Rwanda na Burundi, kwa hiyo mkoa na halmashauri havina budi kutajwa katika sentensi ya kwanza. Tena, kabla Msalala haijawa halmashauri, eneo hili lilikuwa chini ya Kahama, na ni kwa jina la Kahama au Bulyanhulu kazi za zamani zitakavyopatikana katika maktaba.