Kadi ya Mashine Inukuuyo Usemi, na Kiswahili cha Tabora

Mwaka 2019 Margaret Mitchell, Timnit Gebru na wenzao walitoa makala iliyoshauri kwamba kila modeli ya kompyuta iliyofunzwa kwa data iandamane na kadi fupi ya maelezo. Kadi hiyo yapasa kusema modeli imetengenezwa na nani, kwa kazi gani, imefunzwa na kupimwa kwa data ipi, na matokeo yake ni yapi kwa kila kundi la watu, wala si kwa wastani tu. Shauri hilo limefuatwa na wengi. Lakini kadi nayo ni maandishi, na yafaa isomwe kwa uhakiki kama maandishi mengine.

Kadi ya Whisper, modeli ya kunukuu usemi iliyotolewa na OpenAI mwezi wa Septemba 2022, ni mfano mwema, kwa kuwa husema mengi pasipo kuficha. Yaeleza kwamba modeli ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Asilimia 65 ni za Kiingereza, na saa 117,000 ni za lugha nyingine 98 pamoja na maandishi ya lugha hizo. Yakiri kwamba ubora hufuata wingi wa data, kwamba matokeo ni mazuri katika lugha kama 10 hivi, kwamba lafudhi na lahaja hazinukuliwi kwa usawa, na kwamba modeli huweza kuandika maneno yasiyosemwa kabisa. Hata hivyo Kiswahili hakina fungu lake humo. Msomaji atakaye kujua hana budi kufungua makala ya kitaalamu iliyoambatana nayo, na huko nyuma, katika majedwali ya nyongeza, ndiko atakakoona ya kuwa saa za Kiswahili zenye maandishi ya Kiswahili hazikufika 10.

Hata kipimo chenyewe chataka kuulizwa. Lugha nyingi zilipimwa kwa mkusanyo uitwao FLEURS, na Kiswahili chake kimeandikwa kwa alama `sw_ke`, yaani Kiswahili cha Kenya. Ni sentensi zilizofasiriwa kutoka Kiingereza, kisha zikasomwa kwa sauti. Sasa Kiswahili cha Tabora kina historia nyingine. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, walikuta kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Na waliokichukua Kiswahili katika njia hiyo wengi wao walikuwa wapagazi Wanyamwezi, ambao kwao kilikuwa lugha ya pili. Hata leo msemaji aliyekulia Kinyamwezi huenda akatamka *r* kama *l*, na *th* kama *s*. Hivyo *kura* husikika *kula*, na *thamani* husikika *samani*. Tarakimu moja iliyoandikwa mbele ya neno "Kiswahili" haimwambii neno msemaji huyo.

Itwaliwe sentensi moja ya shauri la ndoa: "Baba yake hakurudisha mahari yote." Maneno ni 5. Mashine ikiandika *mahali* badala ya *mahari*, kosa ni 1, yaani asilimia 20, na jambo lenyewe linalobishaniwa limetoweka. Ikiandika *alirudisha* badala ya *hakurudisha*, kosa ni lile lile la asilimia 20, ila ushahidi umegeuka kinyume. Lakini ikitenga *haku rudisha*, huhesabiwa neno moja lililobadilishwa na moja lililozidi, jumla asilimia 40, ingawa hakuna asomaye atakayepotea. Sababu yake ni kwamba kitenzi cha Kiswahili hukusanya nafsi, wakati na ukanushi katika neno moja. Kipimo kihesabucho maneno mazima huadhibu nafasi tupu kwa ukali, na huliachilia kosa la silabi moja lenye kupotosha haki.

Basi mtengenezaji mwaminifu hana budi kutaja mambo matatu. Kwanza, sauti alizopimia zilitoka wapi, na wasemaji walikulia lugha gani. Pili, pamoja na kiwango cha makosa ya maneno, atoe kiwango cha makosa ya herufi, na aonyeshe makosa ya ukanushi peke yake. Tatu, aseme waziwazi kile ambacho hakukipima. Maana mahali patupu katika kadi husomwa na wengi kama kwamba hapana hatari.

Kadi ikinyamaza, mtumiaji wa Tabora aweza kuipima mashine mwenyewe kabla ya kuiamini. Achukue nusu saa ya mazungumzo ya wenyeji, ayanukuu kwa mkono, ailinganishe nakala yake na ya mashine, kisha atazame kwanza vitenzi vyenye *ha-* na maneno yenye *r*. Mwishoni aipe mashine dakika chache za kimya. Ikiandika sentensi pale ambapo hakuna aliyesema, amekwisha kuuona mpaka mmoja wa mashine hiyo kwa macho yake.