Hofu, Ahadi na Imani katika Tangazo la Kliniki ya Meno: Uhakiki wa Lugha ya Kibao Sokoni Konyo Konyo, Juba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya tangazo la kliniki ya meno linaloandikwa kwa Kiswahili kwa wateja wa soko la Konyo Konyo mjini Juba. Hoja kuu ni kwamba imani ya mgonjwa hujengwa na sentensi ambazo yeye mwenyewe anaweza kuzihakiki akifika kwenye kiti cha matibabu. Vitisho na ahadi zilizotiwa chumvi hushindwa kwa sababu haviwezi kupita mtihani huo. Uhakiki unafanywa kwa kulinganisha matini mbili zilizotungwa kwa ajili ya mjadala huu.

1. Utangulizi

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inafaa kwa bidhaa zinazoshikika. Mnunuzi wa nyanya Konyo Konyo huziminya, na mnunuzi wa samaki mkavu humnusa kabla ya kutoa fedha. Mwenye jino bovu hana nafasi hiyo, kwani huduma anayoinunua haipo bado. Itatendwa ndani ya kinywa chake, mahali asipoweza kupaona, naye atakuwa amelala chali huku ulimi umekufa ganzi. Kwa hiyo maneno ya tangazo hayana budi kufanya kazi ambayo kwa nyanya hufanywa na vidole.

Soko hilo pia lina mazingira yake ya lugha. Kiarabu cha Juba kinasikika kila upande, na Kiswahili hukutana nacho katika vinywa vya wafanyabiashara kutoka Uganda, Kenya na Kongo ya mashariki, pamoja na wenyeji waliowahi kuishi ukimbizini katika nchi hizo. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kuandika matini za huduma kwa Kiswahili imeongezeka. Msomaji wa kibao hapa mara nyingi ni mgeni asiye na jamaa wa kumuuliza ni tabibu yupi anayeaminika. Kibao ndicho anachokitegemea.

2. Matini ya kwanza

Matini ifuatayo imetungwa kutokana na mitindo iliyozoeleka katika matangazo ya tiba Afrika Mashariki:

“Meno mabovu huua! Usisubiri kaburi. Fika leo tukung’olee bila maumivu yoyote. Tabasamu jeupe asilimia 100 kwa siku moja. Daktari bingwa yupo.”

Sentensi ya kwanza si uongo mtupu. Usaha wa jino unaweza kuenea chini ya taya na sakafu ya kinywa, ukaziba njia ya hewa na kuua. Kosa limo katika kiambishi “hu-”. Kiambishi hicho hutaja mazoea, jambo litokealo kila mara, nacho kimegeuza hatari ya nadra kuwa kanuni ya kila jino lililotoboka. Msomaji ambaye jino lake limekuwa na tundu kwa miaka mitatu naye yu hai anajua kutokana na mwili wake mwenyewe kwamba sentensi hiyo haimhusu. Akishaikataa, anakataa pia onyo la kweli lililojificha ndani yake.

Hofu katika tangazo la meno ina historia ya kitaaluma. Mwaka 1953, Janis na Feshbach walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari nchini Marekani waliosikiliza mihadhara kuhusu utunzaji wa meno, iliyotofautiana kwa ukali wa vitisho. Waliotishwa sana ndio walioingiwa na wasiwasi mkubwa zaidi, lakini ndio waliobadili mwenendo kwa uchache zaidi: ongezeko halisi la waliofuata ushauri lilikuwa asilimia 8, dhidi ya asilimia 36 kwa waliopewa mhadhara mpole. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba hofu inaweza kumsukuma mtu iwapo ataonyeshwa pia hatua anayoimudu. Leventhal na wenzake mwaka 1965 waliwapa baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale ramani ya kituo cha afya na mpango wa wakati wa kwenda kuchanjwa dhidi ya pepopunda. Takribani asilimia 28 walikwenda, ilhali kati ya wasiopewa mpango huo walikwenda kama asilimia 3 tu. Ukali wa vitisho haukuleta tofauti kama ile iliyoletwa na ramani.

Katika ukanda huu hofu ina doa jingine. Nchini Tanzania hujulikana imani ya “meno ya plastiki” au “meno ya nailoni”, na nchini Uganda huitwa “ebino”. Mtoto mchanga akipata homa au kuhara, mzazi huambiwa kwamba vivimbe vyeupe kwenye fizi ndivyo vinavyomwua, na vichipukizi vya meno ya chonge huchimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Sudan Kusini pia ina desturi ya aina hiyo. Chombo cha kwanza cha mchimbuaji ni sentensi ya kutisha: “Usipoyatoa, atakufa.” Kliniki inayoandika “meno mabovu huua” inaazima sarufi ileile, na mzazi hana njia ya kuzitofautisha sauti hizo mbili.

3. Ahadi isiyotimilika

Ahadi ni deni, na deni la “bila maumivu yoyote” halilipiki. Sindano ya ganzi, ambayo kwa kawaida huwa na lidokaini, huzuia ukali wa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa na kuvutwa. Isitoshe, dawa hiyo hufanya kazi kwa udhaifu zaidi palipo na uvimbe mkali, hasa katika magego ya chini. Mgonjwa ambaye hakulala usiku kucha kwa jino kupwita ndiye atakayevutwa zaidi na ahadi hiyo, na ndiye ambaye huenda akahitaji sindano ya pili au ya tatu. Ahadi inamvunjikia yuleyule iliyemwita. Neno “yoyote” ndilo lililoiponza sentensi, kwa kuwa limefunga mlango wa kila hali ya kipekee.

“Tukung’olee” nalo linatoa hukumu kabla ya uchunguzi. Jino lenye tundu dogo huzibwa, na lililooza hadi kiini huweza kutibiwa mzizi. Kung’oa ni njia mojawapo tu. Tangazo lililokwisha kuamua linamwambia mgonjwa kwamba hakuna atakayemsikiliza.

“Tabasamu jeupe asilimia 100” linachanganya mambo mawili. Kusafisha meno huondoa ukoga uliogandamana, lakini hakubadili rangi ya jino lenyewe. Madoa ya kahawia yaliyotokana na madini ya floridi kwenye maji ya utotoni yamo ndani ya gamba la jino, nayo hayaondoki kwa kusuguliwa. Katika Sudan Kusini kuna pia suala la adabu. Miongoni mwa Wadinka na Wanuer, kung’oa meno ya mbele ya chini ilikuwa alama ya kukua na ya utambulisho. Picha ya kinywa chenye meno yote 32, ikiitwa “tabasamu kamili”, inamwita mzee mwenye pengo hilo mtu aliyepungukiwa. Aibu ni hofu iliyovaa nguo nyingine.

4. Matini ya pili

Matini mbadala inaweza kusomeka hivi:

“Unaumwa jino? Tutalitazama kwanza, kisha tutakueleza kama lazibika, latibika mzizi au ni la kung’oa. Bei utaambiwa kabla ya kazi kuanza, na uamuzi ni wako. Kabla ya kung’oa tunachoma ganzi na kungoja ishike. Utahisi kusukumwa. Ukihisi maumivu inua mkono, tutasimama. Kifurushi cha vifaa kitafunguliwa mbele yako. Ukiwa na uvimbe chini ya taya pamoja na homa, njoo leo. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja.”

Tofauti ya msingi ni ya kisarufi. Pale palipokuwa na “hu-” ya kanuni sasa pana “-ki-” ya sharti. Hatari haikufichwa, ila imefungwa kwenye dalili ambazo msomaji anaweza kuzikagua kwa kidole na kioo. Asiye nazo hatishwi, na mwenye nazo anajua la kufanya. Sentensi ya mwisho inampeleka mgonjwa kwingine, na kwa kufanya hivyo kliniki inakiri mpaka wa uwezo wake. Anayekubali kupoteza mteja kwa ajili ya usalama wake hupata haki ya kuaminiwa katika mengine.

Kila ahadi iliyobaki inaweza kupimwa. Mgonjwa ataona kama aliambiwa bei kabla au baada. Ataona kama kifurushi kilifunguliwa mbele yake, na kama alama iliyo juu yake imebadilika rangi. Hapo lugha yahitaji uangalifu: rangi hiyo huonyesha kwamba kifurushi kimepitia joto la mtambo wa mvuke, wala si ushahidi kamili kwamba kila kijidudu kimekufa. Ndiyo maana matini haikuandika “salama kabisa”. Mkono ulioinuliwa ni mtihani mkubwa kuliko yote. Tabibu asiposimama, kibao kizima kimekuwa uongo.

Bei yenyewe haikuandikwa kwa tarakimu. Thamani ya pauni ya Sudan Kusini imeshuka sana tangu iachwe ielee sokoni Desemba 2015, na bei iliyopakwa rangi leo huweza kuwa ya uongo baada ya miezi michache. Kuahidi utaratibu wa kutaja bei ni ukweli unaodumu kuliko tarakimu. Saa nazo zinataka hadhari. “Saa 3 asubuhi” humaanisha jambo moja kwa Mswahili na jingine kwa asomaye saa kwa Kiarabu au Kiingereza. Mgonjwa aliyekuta mlango umefungwa hatajali kwamba kosa lilikuwa la tafsiri, hivyo yafaa saa ziandikwe kwa namna zote mbili. Kuhusu “daktari bingwa”, jina la tabibu na namba yake ya usajili vinatosha, kwani sifa hudai na namba huulizika.

Yawezekana kupinga kwamba matini hii ni ndefu mno kwa kibao cha barabarani. Pingamizi hilo ni la haki. Mpita njia anaweza kusoma sentensi mbili tatu tu, hivyo kibao cha nje kibebe uchunguzi, bei na dalili za kuwahi, na yaliyobaki yabandikwe mlangoni, panapokaa wanaosubiri na kuogopa.

5. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba tangazo la kliniki ya meno hushindwa pale linaposema zaidi ya linavyoweza kuonyesha. Kipimo chake ni chepesi. Mgonjwa anapotoka asomewe kibao sentensi kwa sentensi, na aulizwe ipi hakuiona ikitendeka. Sentensi atakayoitaja irekebishwe katika matibabu au ifutwe ukutani. Sokoni Konyo Konyo, ambako habari za tabibu husafiri kutoka kibanda hadi kibanda kwa lugha kadhaa, sentensi moja iliyovunjwa hufika mbali kuliko rangi ya kibao.