Kwa Nini Bodi Imeikataa Mashine ya Kukoboa Mpunga

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano mkuu mliagiza andiko la mashine ya kukoboa mpunga lichambuliwe na majibu yaletwe kwa maandishi. Bodi imelikataa. Hesabu zilizoifikisha bodi hapo nilizipiga mimi mhasibu wenu, kwa hiyo nimeombwa nizianike mbele yenu, kila mtu azikague mwenyewe. Najua wapo wazee wangu na mama zangu waliokwisha kuchangia mawazo, hata eneo la kujenga banda, na jibu hili halitawafurahisha.

Nianze na namba moja iliyobeba andiko zima. Linasema mashine inakoboa tani 1 ya mpunga kwa saa, itafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni tani 2,400, na faida yote iliyoandikwa humo imetokana nazo. Hiyo tani 1 imenakiliwa kutoka kwenye kibao kilichopigwa ubavuni mwa mashine. Muuzaji alipoiwasha mbele yetu tukaipa mpunga wetu wa Usangu, wenye makapi na vijiti kama tunavyouvuna, ilikoboa kilo 700 kwa saa. Hilo bado si tatizo. Tatizo ni kwamba andiko halikuuliza mpunga wenyewe utatoka wapi.

Tuko wanachama 210. Tukikadiria eka 2 kwa kila mmoja na gunia 20 za kilo 80 kwa eka, tunavuna tani 672. Katika hizo tunakula, tunalipa trekta, na wengine, tusifichane, wanamuuzia mlanguzi mpunga ungali shambani kwa sababu ada ya shule haisubiri. Daftari la ghala kwa misimu mitatu linaonyesha tunaopeleka mpunga kwenye chama tunafikisha wastani wa tani 260. Kwa kasi ile ya kilo 700 kwa saa, tani 260 zinakobolewa kwa siku zisizozidi 50. Siku zinazobaki mashine imelala, lakini deni halilali.

Sasa deni lenyewe. Mashine, banda, kuvuta umeme wa fezi tatu na mzani vinafika shilingi milioni 62. Chama kina milioni 12, hivyo tungekopa milioni 50. Kwa riba ya asilimia 9 na miaka 4, marejesho ni kama milioni 15.4 kila mwaka. Ongeza mshahara wa fundi na mlinzi, milioni 6, na bima laki 6. Jumla ni milioni 22 kwa mwaka, na tungezilipa hata kama mashine haijakoboa gunia moja.

Upande wa mapato, tungetoza shilingi 60 kwa kilo ya mpunga, bei inayotozwa Ubaruku. Tani moja inaleta 60,000, na pumba laini inayouzwa kwa wafugaji inaongeza kama 8,000. Kutoka hapo toa umeme, mipira ya kukobolea ambayo huisha haraka kuliko watu wanavyodhani, vipuri na vibarua wa kupakia: 28,000. Kinachobaki ni shilingi 40,000 kwa tani. Gawanya milioni 22 kwa 40,000, unapata tani 550.

Naomba muishike namba hiyo ya 550 kuliko bei ya mashine. Ndiyo kiasi cha mpunga kinachotakiwa kupita mle kila mwaka ili chama kisipate hasara wala faida. Sisi tunapeleka 260. Pungufu ni tani 290, sawa na milioni 11.6 ambazo zingetafutwa kwenye makato yenu, kila mwaka, kwa miaka minne. Ili tufike 550 ingebidi zaidi ya asilimia 80 ya mavuno yetu yote yapite kwenye mashine, pamoja na mpunga wa chakula na ule aliokwisha kuununua mlanguzi.

Hata hivyo hoja nzito ya waliolipendekeza andiko haikuwa ushuru. Walisema: Ubaruku gunia la kilo 100 linatoa mchele kilo 60, wakati kwenye maonyesho, kwa mpunga wa muuzaji mwenyewe, mashine hii ilitoa kilo 66. Kilo 6 kwa gunia, kwa bei ya shilingi 2,000, ni shilingi 120,000 kwa tani. Kwa tani 260 ni zaidi ya milioni 31 mifukoni mwa wanachama. Kama ni kweli, basi hasara ya chama ingefunikwa na faida ya mkulima, na bodi ingekuwa imekosea kukataa. Kwa hiyo hapa ndipo tulipotumia muda mwingi.

Tulichukua mpunga wa jaruba moja, aina moja, tukaugawa mafungu mawili. La kwanza tulilianika kwenye turubai hadi kipima unyevu kikasoma asilimia 13.5. La pili tuliliacha kwenye asilimia 17, hali ambayo wengi wetu tunapakia kwenye lori. Kila fungu tukalipitisha kwenye mashine zote mbili, kilo 100 kila mara. Mpunga mkavu ulitoa kilo 66 kwenye mashine mpya na 65 kwenye ile kuukuu ya Ubaruku. Mpunga mbichi ulitoa 61 na 60.

Kumbe zile kilo 6 zilikuwa zinalinganisha mpunga mkavu wa muuzaji na mpunga mbichi wa kwetu. Mashine yenyewe inachangia kilo 1. Kilo 5 ni za unyevu: karibu nusu yake ni maji tuliyokuwa tunayapima tukidhani ni mpunga, na iliyobaki ni punje laini zilizosagika vipande vidogo zikatoka na pumba. Kilo hiyo moja kwa tani 260 ina thamani ya shilingi milioni 5.2, haifiki hata nusu ya pengo la milioni 11.6.

Chenga nazo zina chanzo hicho hicho cha kuanika. Menya punje chache kwa kucha kabla ya kukoboa, uziinue kwenye mwanga. Ukiona mistari inayokata punje kwa upana, mchele huo umeshapasuka ndani na utavunjika kwenye mashine yoyote. Mara nyingi ni punje iliyokauka kisha ikapigwa na umande usiku, au iliyotandazwa nyembamba mno kwenye jua kali la mchana. Tandaza unene wa sentimita 3 hivi, geuza kila nusu saa, jua likiwa kali sana au giza likiingia funika.

Bodi imeidhinisha vipima unyevu viwili vya ghalani na turubai za kukopeshwa kwa wanachama, zikatwe kwenye malipo ya msimu. Fedha zitatoka kwenye zile milioni 12, bila mkopo, kwa hiyo hatutahitaji kumwomba Mrajis atuongezee ukomo wa madeni. Mpunga unaozidi asilimia 14 utarudishwa kwenye turubai kabla ya kupokelewa, hata kama ni wa mjumbe wa bodi.

Andiko la mashine linaweza kurudi. Likirudi, nitaangalia mambo mawili: daftari la ghala liwe limefika tani 400 kwa misimu miwili mfululizo, na mkopo usizidi milioni 30. Kwa mkopo huo marejesho yanashuka hadi kama milioni 9.3, gharama zote za mwaka zinakuwa milioni 15.9, na tani 400 zinatosha kuzilipa.

Mhasibu wa chama