O.co: jina fupi lililopeleka wateja pasipo na duka

Uamuzi wa Overstock kujitangaza kama O.co mwaka 2011 ulikuwa wa hovyo, na uhovyo wake ulionekana kabla ya tangazo la kwanza kurushwa hewani. Duka hilo la mtandaoni la Marekani lilikuwa na Overstock.com, jina ambalo wateja wake walikuwa wakiliandika bila kuuliza. Julai 2010 likanunua o.co kwa dola 350,000. Kiambishi cha .co ni cha Kolombia, na mwezi huohuo ndipo kilipofunguliwa kwa dunia nzima. Mwaka uliofuata matangazo yakajaa O.co, na uwanja wa michezo wa Oakland nao ukaitwa O.co Coliseum.

Herufi tatu na nukta moja. Wapenda ufupi wakashangilia, kana kwamba jina la kikoa linapimwa kwa rula.

Mfuatilie mtazamaji mmoja. Ameketi sebuleni, amesikia jina likitamkwa mara moja, amelipenda. Baada ya chakula anafungua kompyuta. Anaandika o, anaweka nukta, anaandika co, kisha kidole kinaongeza m chenyewe, kwa sababu kimefanya hivyo miaka yote. Sasa yuko o.com. Novemba 2011 rais wa kampuni, Jonathan Johnson, alikiri hadharani kwamba sehemu kubwa ya waliokuwa wakitafuta O.co waliishia hukohuko, na jina la zamani likarudishwa kwenye matangazo ya Marekani.

Kosa la kidole linasameheka. Lisilosameheka ni kwamba o.com haikuwa ya kununulika. Majina ya herufi moja chini ya .com yalizuiliwa tangu Desemba 1993, isipokuwa machache yaliyokwisha kuchukuliwa, kama q.com, x.com na z.com. Habari hiyo haikuwa siri. Mtu yeyote wa fani aliijua. Kila jina huvujisha wageni kidogo, na mwenye akili hununua pale panapovujia, kisha huelekeza anwani hiyo kwenye tovuti yake. Overstock walichagua jina ambalo uvujaji wake mkuu ulielekea mahali pasipouzwa kwa bei yoyote.

Tena uvujaji huo hauonekani kwenye kumbukumbu za seva yako, maana aliyekosea hakukufikia. Utauona pembeni: watu wanatafuta jina lako refu kwenye Google ilhali umetangaza fupi, au wanapiga simu kuuliza kama tovuti imekufa. Barua pepe ni mbaya zaidi, kwani ikienda kwenye kikoa cha mwingine aliyewasha huduma ya barua, yeye ndiye anayeisoma.

Sifa wanayostahili Overstock ni moja: Overstock.com hawakuizima.

Kwetu jina la namna hiyo lingekuwa na kasoro ya ziada. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia "nukta co" bado anasubiri tz au ke. Ukinyamaza hapo, anaona hujamaliza kusema.

Na hapa nirudie ugomvi wangu wa siku zote na wanaokata irabu. Flickr walianza 2004 bila e, wakafanikiwa, na wengi wakaiga. Wanachosahau waigaji ni kwamba mwaka 2010 wamiliki wa Flickr hiyohiyo waliinunua flicker.com. Kwa Kiswahili kukata irabu ni balaa zaidi: sfr ni safari, sifuri au sufuria? Kistari nacho sikitaki. Kila ukikitaja simuni utaulizwa ni cha kati au cha chini, na cha chini hakiruhusiwi kabisa kwenye jina la kikoa.

Linganisha na ushahidi.com ya Wakenya, mwaka 2008. Ina herufi kumi na moja, karibu mara nne ya o.co, lakini itamke redioni mara moja na msikilizaji ataiandika ilivyo. Wakenya wale walichukua neno linaloandikwa kama linavyotamkwa, bila tarakimu wala madoido. Hata hivyo, si kila neno la Kiswahili lina usalama huo. Dhahabu wengine huitamka zahabu, na wapo wanaochanganya r na l. Ukichagua neno la aina hiyo, lipia tahajia zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, wapigie simu watu watatu wasiojua mpango wako, akiwemo mmoja asiyeishi mjini kwako. Litamke jina mara moja, usilitaje herufi kwa herufi, kisha waombe wakutumie kwa ujumbe mfupi walichosikia. Akikosea hata mmoja, tafuta kama alichoandika kinauzwa. Kama hakiuzwi, achana na jina hilo, hata liwe na herufi moja.