Pongezi kwa Mkata Vipande

Mhariri wa podikasti hupewa mahojiano ya saa nzima atoe kipande cha sekunde 50, na wengi hudhani kazi ni mkasi tu. Tuseme mgeni ni mkulima wa mwani wa Unguja, naye anasema: "Niliuacha ule, joto likizidi unaoza. Lakini wenzangu waliousogeza kwenye kina bado wanavuna."

"Ule" upi? Aliyesikiliza tangu mwanzo anajua. Anayepitisha kidole kwenye simu hajui. Mhariri hodari hamtilii mgeni maneno kinywani. Huweka mstari mmoja juu ya picha: "Mkulima wa mwani, Unguja, akieleza kwa nini aliacha mwani wa bei kubwa." Swali lililokatwa limebebwa hapo.

Kishawishi kikubwa kiko kwenye "lakini". Ukikata kabla yake, kipande kinakuwa kikali na kinasambaa upesi, ila mgeni amegeuzwa mtu aliyekata tamaa na bahari. Ninayemvulia kofia huziacha zile sekunde chache za ziada, hata pumzi ya mwisho.

Maelezo ya chini nayo hayasemi "Usikose!" (jamani, tumechoka). Husema: "Joto linaozesha mwani wa bei kubwa, ila waliouhamishia maji ya kina bado wanavuna, asema mkulima wa Unguja." Asiyewasha sauti ameshaelewa.

Kisha mhariri humwonyesha kipande mtu ambaye hajasikiliza kipindi. Akiuliza "Huyu nani?", kipande hurudi mezani.