Risiti M07-004182: Jinsi Kilo Zilizopotea Zilivyofuatiliwa

Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, huku Kericho na Bomet, hulipwa mara mbili kwa majani yale yale. Kila mwezi hupata malipo ya awali ya kila kilo, na baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni, bonasi hufuata, mara nyingi Oktoba. Kwa hiyo kilo ikipotea njiani kati ya mizani na hifadhidata, humuumiza mara mbili. Tena hajui kwamba imepotea mpaka karatasi ya malipo imfikie, wiki kadhaa baada ya siku aliyopima. Kalenda hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi katika kazi ninayoichambua hapa, ambayo mimi na wenzangu tuliifanyia mnunuzi mmoja wa majani mabichi ambaye sitamtaja jina, na ambaye hulipa kwa mtindo huo huo.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Katika kila kituo cha kununulia majani kuna karani mwenye mizani ya kielektroniki na kifaa cha mkononi. Majani yakipimwa, kifaa huchukua uzito kutoka kwenye mizani, huchapa risiti, na huweka rekodi ndani yake. Mtandao ukipatikana, rekodi ambazo bado hazijathibitishwa hutumwa kwa pamoja, kama kundi moja, hadi kwenye seva. Milima ya Konoin na mabonde yake haina huruma na mawimbi ya simu, hivyo makundi mengi hufika jioni, lori likiwa linapakia.

Malalamiko yaliyotufikia yalifanana. Mkulima ana risiti mkononi, kilo zimeandikwa, lakini kwenye karatasi ya mwisho wa mwezi hazipo. Afisini walikuwa wakimwamini na kumrekebishia kwa mkono, jambo la haki, ila chanzo hakikujulikana. Tulipofungua logi, yaani maandishi ambayo programu hujiandikia inapofanya kazi, tulikuta mistari ya aina hii:

```
18:52:08 imeshindwa kuhifadhi
```

Nini kimeshindwa kuhifadhiwa? Cha nani, kutoka kifaa gani? Mstari hausemi. Ubaya zaidi, seva ilikuwa imepangwa kufuta logi baada ya siku saba. Mkulima anayegundua upungufu wiki ya nne hukuta ushahidi ulishafutwa zamani.

Hatua ya kwanza ikawa kuamua ni alama gani itakayofuatana na kila tukio. Watengenezaji wa programu wengi hutunga nambari ndefu ya ndani ya mfumo, nayo ina kazi yake, lakini mkulima hana nambari hiyo. Alicho nacho ni risiti. Nambari ya risiti hapa imeundwa kwa jina la kifaa na hesabu inayopanda, kama M07-004182, nayo ndiyo atakayoisoma kwenye simu akipiga kulalamika. Tukaifanya iwe uga wa lazima katika kila mstari unaohusu upimaji mmoja, na tukaongeza nambari ya kundi kwa mistari inayohusu safari ya kutoka kwenye kifaa hadi seva.

Hatua ya pili ilikuwa kuacha kuandika sentensi na kuanza kuandika nyuga zenye majina. Seva imeandikwa kwa Python, kwa hiyo tulitumia maktaba ya `structlog`, tukaipanga itoe kila tukio kama mstari mmoja wa JSON. Uzuri wake ni kwamba jina la kifaa na nambari ya kundi hufungwa mara moja ombi linapoingia, kisha kila mstari unaofuata hubeba taarifa hizo wenyewe, bila mwandishi wa msimbo kukumbuka kuzirudia:

```python
bind_contextvars(kundi=kundi.id, kifaa=kundi.kifaa)
for r in kundi.rekodi:
    log.info("risiti_imepokewa", risiti=r.risiti,
             kilo=r.kilo, saa_ya_kifaa=r.saa)
```

Angalieni kwamba jina la tukio, `risiti_imepokewa`, halibadiliki kamwe. Kinachobadilika kimewekwa kwenye nyuga. Aliyezoea kuchanganya nambari ndani ya sentensi ataona hili kama usumbufu, lakini bila hivyo hakuna kompyuta itakayoweza kuhesabu tukio hilo limetokea mara ngapi. Angalieni pia kwamba saa ya kifaa imeandikwa kando. Seva huandika saa yake yenyewe, pamoja na +03:00 ya Afrika Mashariki, kwa sababu kifaa kilichozimika betri huweza kuamka kikiwa na tarehe ya kubuni. Mtu akipanga matukio kwa saa ya kifaa, atapotoshwa.

Basi malalamiko yaliyofuata yalipokuja, mama mmoja alisoma nambari yake ya risiti na sisi tukaitafuta. Nambari ninazotumia hapa nimezibadilisha, lakini mwendo ni ule ule.

```
jq -c 'select(.risiti == "M07-004182")' mapokezi.json
```

Jibu lilikuwa mstari mmoja tu: risiti imepokewa, saa kumi na mbili na dakika 52 jioni, kilo 23.4, kundi k-88213. Kumbe kilo zilifika kwenye seva. Lawama ya mtandao, ambayo kila mtu alikuwa ameizoea, ikaanguka papo hapo. Tukatafuta tena, safari hii kwa nambari ya kundi, na picha nzima ikajitokeza. Kundi lilikuwa na risiti kumi na tatu, kuanzia 4171 hadi 4183. Sekunde moja baada ya kupokewa, lilikataliwa lote, na sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba risiti 4171 ilikuwa tayari kwenye hifadhidata.

Tukirudi nyuma kidogo katika logi, tulikuta kundi jingine kutoka kifaa hicho hicho, lililotumwa mapema jioni ile, lenye risiti 4171 hadi 4179. Hilo lilihifadhiwa vizuri. Ila jibu la seva lilipotelea njiani, na kifaa, kwa kuwa hakikupata jibu, kikabaki kikiamini kwamba risiti hizo tisa hazijafika. Wakati huo wakulima wengine wanne walipima. Mtandao uliporudi, kifaa kilituma zote kumi na tatu. Hifadhidata hairuhusu nambari moja ya risiti kuingia mara mbili, na kwa kuwa kundi huhifadhiwa kama muamala mmoja, kukataliwa kwa risiti moja kuliangusha zote. Zile tisa hazikudhurika kwa sababu zilikuwemo tayari. Waliopoteza kilo ni wale wanne wa mwisho kwenye foleni.

Bado kuna swali: kwa nini kifaa hakikujaribu tena? Jibu lilikuwa kwenye msimbo wa zamani. Aliyeuandika alifikiri kwamba risiti ikigongana maana yake imeshahifadhiwa, kwa hiyo aliikamata hitilafu, akaandika mstari ule usiosema kitu, na akakirudishia kifaa jibu la mafanikio. Fikra hiyo ni sahihi kwa risiti moja. Kwa kundi lenye risiti za zamani na mpya ni hatari, kwa sababu kifaa kikiambiwa mafanikio hufuta deni lake.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanaotumia Sentry au chombo kingine cha kufuatilia hitilafu watulie kidogo. Sentry ilikuwa imeshafungwa kwenye seva hii kabla hatujagusa logi, na kwa muda wote huo haikutoa onyo hata moja kuhusu kilo zilizopotea. Haikuwa na kosa. Chombo hicho huona hasa hitilafu inayotoka nje ya msimbo bila kukamatwa, au inayokabidhiwa kwake waziwazi. Hitilafu iliyokamatwa na kumezwa kimya haikifikii. Kwa hiyo baada ya kufunga Sentry, kazi halisi ni kupita kwenye kila `except` ndani ya msimbo na kuuliza inameza nini. Mahali pale tulibadilisha mambo mawili. Kuhifadhi kukawa kwa `INSERT ... ON CONFLICT (risiti) DO NOTHING`, ambayo PostgreSQL imekuwa nayo tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, ili risiti iliyokwisha kuingia irukwe bila kuangusha nyingine. Na hitilafu yoyote nyingine ikaachwa itoke, seva ijibu 500, kifaa kibaki na rekodi zake, na Sentry ipige kengele.

Kengele zenyewe zilihitaji kupunguzwa. Jioni vifaa vyote hutuma kwa wakati mmoja, na onyo kwa kila hitilafu lingewafanya watu wazime simu. Tuliweka onyo kwa hitilafu ya aina mpya tu, au kwa ya zamani inayorudi baada ya kutangazwa kuwa imekwisha. Jina la kifaa tuliliweka kama alama, kwa `set_tag`, ili fundi aone mara moja kama tatizo ni la kituo kimoja au la vyote. Nambari za simu za wakulima na za vitambulisho hazitoki kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa taarifa binafsi, na huduma hii huweka taarifa zake nje ya nchi, kwa hiyo nyuga hizo huondolewa kwenye `before_send` kabla chochote hakijaondoka.

Muda wa kutunza logi tuliutoa kwenye kalenda ya chai. Vituo 50, kila kimoja kikiwa na upimaji 150 kwa siku na mistari minne kwa kila upimaji, hutoa mistari 30,000. Kwa baiti 300 kila mmoja, hiyo ni takriban megabaiti 9 kwa siku, mzigo mdogo hata kabla ya kubanwa. Hakukuwa na sababu ya kufuta baada ya siku saba. Logi kamili hukaa miezi mitatu, na mistari ya mapokezi na ya kukataliwa hukaa mpaka bonasi ilipwe.

Kuna upotevu mmoja ambao hakuna hitilafu itakayoutangaza: rekodi ambayo haikufika kabisa. Kwa huo, kifaa hutuma muhtasari kikifunga kazi, wenye risiti ya kwanza, ya mwisho, idadi na jumla ya kilo. Seva hulinganisha na ilichohifadhi. Pengo la jioni hupuuzwa, maana mtandao huenda ukarudi usiku. Likiwepo bado asubuhi, onyo hutoka na karani hupigiwa simu kabla kifaa hakijaenda mbali.

Ukaguzi huo ndio uliofichua udhaifu wa `DO NOTHING` yenyewe. Kifaa kimoja kilitengenezwa na kurudishwa kituoni hesabu yake ikiwa imeanza upya, kikawa kinatoa nambari za risiti zilizotumika miezi iliyopita. Seva iliziruka kwa utulivu, ikidhani ni marudio. Sasa risiti ikigongana, seva hulinganisha kilo na nambari ya mkulima. Zikifanana, huandika `risiti_marudio` na kuendelea. Zikitofautiana, huandika `risiti_imegongana` kama hitilafu kamili, huhifadhi rekodi kwenye jedwali la pembeni, na mtu huamua. Kifaa kinachotoka kwa fundi hakirudi kituoni mpaka hesabu yake ya mwisho isomwe kutoka kwenye seva.